Gharika, Deni na Ushahidi: Je, Mwenye Dhiki Anapaswa Kuithibitisha?

Bismillahi Rahmani Rahim.

Katika darasa la fikihi ya miamala tulifika kwenye aya ya 280 ya Suratul Baqara, inayomwamuru mwenye kudai ampe muda mdaiwa aliye katika dhiki mpaka apate wepesi, na kumweleza kuwa kumsamehe kabisa ni bora zaidi kwake. Darasani aya hii ilionekana nyepesi. Tuliandika, tukafunga madaftari. Uzito wake niliuona baadaye, niliporudi nyumbani Arua likizoni na mjomba wangu akanipa kalamu na karatasi.

Mjomba anauza sukari na maharage kwa jumla. Ghala lake liko bondeni, si mbali na mto Enyau, kwa sababu kodi ya huko ni ndogo. Wateja wake wengi wako Koboko, na baadhi huvusha bidhaa mpaka Oraba, mpakani na Sudani Kusini. Usiku mmoja wa mvua kubwa maji yaliingia ghalani hadi kimo cha goti. Magunia 14 ya sukari yaliyeyuka. Magunia 8 ya maharage yalilowa, akayaanika, mwishowe akayauza kwa bei ya chakula cha mifugo. Ukihesabu sukari kwa shilingi 200,000 kila gunia na maharage kwa 300,000, mali iliyoguswa na maji ilikuwa ya shilingi 5,200,000. Maharage mabovu yalimrudishia 400,000. Hasara halisi ilikuwa 4,800,000.

Wakati huo alikuwa bado anadaiwa shilingi 4,000,000 na chama cha akiba na mikopo, kwa riba ya asilimia 2.5 kwa mwezi. Alitaka niandike barua ya kuomba apumzishwe marejesho miezi mitatu. Nilipomuuliza vielelezo viko wapi, alikasirika.

"Mwanangu, mtaa mzima uliona maji. Mwenyezi Mungu aliona. Kwa nini niupige picha umaskini wangu niwapelekee watu?"

Hilo ndilo swali la makala hii. Kama Mwenyezi Mungu ameamuru mwenye dhiki apewe muda, je, ana wajibu wa kuithibitisha dhiki yake? Au kumdai ushahidi ni kumvunjia heshima?

Upande wa mjomba una hoja nzito. Katika Sahihi ya Muslim imepokewa kwamba sahaba Abu Qatada alikuwa akimdai mtu, na mtu huyo akawa anajificha. Alipompata, mdaiwa alisema kuwa yumo katika dhiki. Abu Qatada alimtaka aape kwa Mwenyezi Mungu, akaapa, na hapo Abu Qatada akakumbuka aliyoyasikia kwa Mtume (s.a.w.) kuhusu malipo ya Akhera ya anayempa muda mwenye dhiki au kumpunguzia. Hakutaka mashahidi wala maandishi.

Lakini tuangalie fedha zilikuwa za nani. Abu Qatada alikuwa akidai mali yake mwenyewe, na mtu ana haki ya kuwa mkarimu kwa mali yake. Karani wa chama cha akiba na mikopo hana haki hiyo. Fedha alizonazo ni za muuza nyanya wa sokoni, za dereva wa bodaboda, za mjane anayeweka shilingi elfu tano kila wiki. Yeye ni wakili wao, na wakili hagawi mali ya waliomtuma kwa kusikia maneno tu. Ukarimu wake unahitaji sababu atakayoweza kuwaonyesha wenye mali.

Wanazuoni wetu hawakuliacha jambo hili hewani. Imamu Nawawi katika Minhaji anatofautisha aina mbili za madeni. Kama deni lilitokana na mali iliyoingia mkononi mwa mdaiwa, kama mkopo au bidhaa aliyonunua, basi akidai hana kitu ni juu yake kuleta ushahidi, kwa kuwa tunajua alipokea mali na asili ni kwamba bado anayo. Kama deni halikutokana na kupokea mali, neno lake hukubaliwa kwa kiapo. Mjomba alipokea mkopo. Kwa kanuni hiyo mzigo wa kuthibitisha ni wake, wala hakuna tusi ndani yake.

Sasa, athibitishe nini hasa? Hapa Hadithi ya Qabisa bin Mukhariq, iliyomo pia katika Sahihi ya Muslim, ilinifungua macho. Mtume (s.a.w.) alitaja watu watatu wanaoruhusiwa kuomba, akiwemo mtu ambaye janga limefagia mali yake na mtu aliyepatwa na ufukara. Kwa fukara lilitajwa sharti la watu watatu wenye akili kutoka kwa watu wake washuhudie kwamba kweli amefukarika. Kwa aliyepatwa na janga sharti hilo halikutajwa. Sababu inaeleweka: gharika huonekana na wote, lakini ufukara hujificha ndani ya nyumba.

Kwa hiyo mjomba alikuwa na haki nusu. Kwamba maji yaliingia ni jambo la wazi. Kwa hilo zinatosha barua ya mwenyekiti wa LC1 yenye tarehe na mhuri, na picha zinazoonyesha alama ya maji ukutani zilizopigwa kabla ya ghala kusafishwa. Asiyepiga picha siku mbili za mwanzo hupata taabu, maana ukuta ukikauka hausemi tena. Jambo lililofichika ni lile linalokuja baada ya maji: ghalani mlikuwa na nini, na mwenye ghala amebakiwa na nini kwingineko. Kwa la kwanza tulitafuta daftari la bidhaa, stakabadhi za manunuzi ya mwezi ule, na taarifa ya miamala ya fedha kwa simu iliyoonyesha malipo kwa wauzaji wa jumla. Kwa la pili hapakuwa na karatasi. Palikuwa na ukweli wa mjomba tu.

Na hapo ndipo nilipojaribiwa mimi mwenyewe. Mwenyekiti, kwa nia ya kumsaidia jirani, alisema, "Andika magunia 40, kijana. Hawa watu hukata nusu ya chochote unachoomba." Niliandika 40. Nilijiambia ni huruma. Usiku nikakumbuka kwamba stakabadhi zilionyesha 22, na kwamba magunia 18 ya uongo yangebebwa na yule mjane na yule dereva. Zaidi ya hapo, mwenye kudanganya katika dhiki ya kweli humharibia mwenye dhiki wa kesho, kwa sababu karani aliyedanganywa mara moja hamwamini anayefuata. Asubuhi nilimrudia mwenyekiti na barua mpya ya magunia 22. Alicheka, akagonga mhuri.

Kisha nikamuuliza mjomba kama ana mali nyingine. Alinyamaza muda mrefu. Alikuwa na madume mawili ya ng'ombe Koboko, kwa kaka yake. Mafakihi wanasema shahidi wa ufukara awe anayejua mambo ya ndani ya mtu, na hapa shahidi huyo nilikuwa mimi. Je, mwenye ng'ombe wawili ni mwenye dhiki anayestahili muda? Mtume (s.a.w.) amefundisha kuwa mwenye uwezo anapochelewesha deni ni dhuluma. Nilimwambia wazi kwamba kwa thamani ya ng'ombe hawa yeye ni mwenye uwezo, na kwa kilichosalia ni mwenye dhiki. Mtu mmoja anaweza kuwa vyote viwili kwa deni lilelile.

Lilibaki suala la riba, ambalo wengi wetu hulisahau tunapofurahia neno mapumziko. Mwaka 2020, baada ya mipaka kufungwa kwa sababu ya korona, Benki Kuu ya Uganda iliruhusu taasisi za fedha kuanzia tarehe 1 Aprili kupanga upya mikopo ya wateja walioathirika, pamoja na kuwapumzisha marejesho. Wafanyabiashara wengi walidhani wamesamehewa. Lakini kuahirishiwa marejesho si kufutiwa deni. Chukueni deni la mjomba: 4,000,000 kwa asilimia 2.5 ni 100,000 kwa mwezi. Akipumzika miezi mitatu huku riba ikiongezwa kwenye deni kila mwezi, atarudi kazini akidaiwa takriban 4,307,500. Muda umeongezwa na deni limeongezwa kwa sababu ya muda. Hiyo ndiyo riba ya zama za ujahilia, nayo ndiyo aya zinazotangulia ile ya 280 zimeikataza. Laiti angenunua bidhaa kwa mkopo wa bei iliyokwisha kukubaliwa, kumpa muda kusingeongeza hata shilingi moja.

Je, basi aache kuomba? Sidhani. Kosa lilikuwa mkataba wa mwanzo, na kwa hilo mjomba anatubu. Kuomba muda ni haki yake. Ila asiombe muda bila kuuliza bei yake. Barua yetu, ya ukurasa mmoja, iliandikwa kabla ya tarehe ya rejesho kufika, ikasema hivi: kilichotokea na tarehe yake, hasara ya 4,800,000 pamoja na vielelezo, kwamba atauza dume moja na kulipa mara moja, kwamba anaomba miezi mitatu kwa kitakachobaki, bila faini na bila riba ya miezi hiyo, na kwamba wadhamini wake wawili wameisoma barua na kuweka saini. Wadhamini ni muhimu, kwani mdaiwa akishindwa ndio watakaogongewa mlango, na si haki wasikie habari hiyo mlangoni.

Kamati ilimpa miezi miwili na kumwondolea faini. Riba haikusimamishwa. Dume liliuzwa kwa 1,300,000, deni likashuka hadi 2,700,000, na riba ya mwezi ikawa 67,500 badala ya 100,000. Mjomba aliposikia hivyo alisema, "Basi na la pili liende." Likaenda kwa bei ileile, likabaki deni la 1,400,000.

Jibu langu, basi, ni kwamba ushahidi hauvunji heshima ya mwenye dhiki, maadamu anaulizwa kile kilichofichika na wala hasumbuliwi kwa kile ambacho mtaa mzima umekiona. Na anayedai naye ana lake la kujibu. Mdaiwa akishatimiza wajibu wake wa ukweli, akaleta daftari lake na hata ng'ombe wake, kwa hoja gani tena anaendelea kutozwa kwa muda ambao Mola wake amemwamuru apewe bure? Kamati ile ina Waislamu wanne. Swali hili nimewaandikia pia wao.

Wallahu aalam.