Ugonjwa ni wa Nani?

Shosho alinipokea mlangoni pale Karatina akiwa na karatasi mkononi. Jirani anayejua Kiingereza alikuwa amemwonyesha neno moja lililorudiwa mbele ya kila dawa: *die*. "Eti wameandika mume wangu afe?"

Nikamweleza kwamba hicho si Kiingereza. Kwenye karatasi za hospitali za Italia, *1 cp/die* ni tembe moja kwa siku.

Guka alikuwa amemtembelea binti yake huko, akalazwa, akarudi na kurasa tatu na pakiti za dawa. Kiitaliano changu nilikiokota Malindi, kwenye kazi ya mapokezi hotelini baada ya kuacha chuo. Nilidhani ni kazi ya saa moja. Kisha binti akanipigia: "Tafsiri dawa tu. Ule ugonjwa, mwambie Mama ni presha."

Ugonjwa wenyewe uliandikwa *scompenso cardiaco*. Ningeandika "moyo umeshindwa," Shosho angeanza kupanga matanga. Lakini moyo haujasimama. Umedhoofika, hausukumi damu inavyotakiwa, ndiyo maana maji hubaki miguuni na mapafuni. Presha ni jambo jingine.

Hata hivyo nilijaribu. Nikaandika "presha," nikashuka kwenye dawa. Ya kwanza ilikuwa Lasix, kila asubuhi. Hiyo hutoa maji mwilini kwa njia ya mkojo. Chini yake waliandika ajipime uzito kila siku, na akiongezeka zaidi ya kilo 2 ndani ya siku tatu amwone daktari haraka. Sasa nani atapanda mizani kila asubuhi kwa sababu ya presha? Siku ya safari Guka angeiruka hiyo tembe, maana si unajua matatu haisimami kila abiria akibanwa na mkojo. Na kilo zikipanda, Shosho angefurahi kwamba mzee ameanza kunenepa. Uongo wangu wa neno moja ulikuwa umeyaondolea maagizo yote sababu yake.

Hata ukweli ulihitaji kuangaliwa. Tembe ya Lasix ya Italia ilikuwa ya miligramu 25. Ile ya kawaida kwenye kemisti zetu ni ya 40. "Tembe moja" ni kweli mpaka pakiti iishe. Kwa hivyo niliandika miligramu pia, na chini yake: msinunue nyingine kabla ya kumwonyesha daktari karatasi hii.

Nikampigia binti, nikamwambia siwezi kuandika presha. Akanyamaza, kisha akasema anamwogopea mama yake. Hapo ndipo nilipogundua kwamba tumebishana siku mbili juu ya mwili wa mtu ambaye hakuna aliyemuuliza.

Guka alikuwa kwenye kiti nje, anaota jua. Nikamuuliza kama nisome yote, na mbele ya nani.

"Ugonjwa ni wangu," akasema. "Mwite Shosho, kisha usome."

Nilisoma polepole, moyo kwanza, dawa baadaye. Shosho hakulia. Aliuliza mizani inauzwa wapi.