Shangazi, Asante, Lakini Hapana



Mwezi uliopita shangazi yangu, dada yake baba, alinipigia simu. "Mwanangu, Jumapili baada ya misa njoo ule kwangu. Kuna kijana nataka mjuane. Ana kazi, anaimba kwaya, mama yake namfahamu." Nilielewa. Mama wa kijana akishakukuta mezani, kinachofuata ni maneno ya posa. Na mimi sikuwa tayari kuanza uchumba.

Kwanza nilitaka kusingizia homa. Halafu nikamkumbuka Rebeka, Mwanzo sura ya 24. Mtumishi wa Abrahamu alikuja kumtafutia Isaka mke, ndugu wakakubali, zawadi zikatolewa. Lakini kesho yake walimwita binti wakamuuliza mwenyewe kama atakwenda na mtu yule. Alijibu kwa kinywa chake.

Kanisa nalo liko wazi. Kanuni ya 1057 inasema ridhaa ya wawili ndiyo inayofanya ndoa, na hakuna binadamu anayeweza kuitoa badala yao. Kanuni ya 1103 inasema ndoa iliyofungwa kwa kulazimishwa au kwa hofu kubwa ni batili. Kumwonea haya shangazi hakujafika huko, lakini safari ya kwenda huko huanza hivyo hivyo: unakubali chakula, unakubali posa, mwisho unashindwa kurudi nyuma.

Basi nilikwenda kwake Ijumaa, kabla wageni hawajaja. Sikutuma meseji, maana jambo kama hili mkubwa haambiwi kwa simu. "Shikamoo shangazi." Nikamwambia, "Asante kwa kunifikiria. Najua unanitakia mema. Ila sijawa tayari kwa uchumba, na sitaki kumpotezea kijana wa watu muda."

Akanyamaza. Kisha akauliza, "Sasa mama yake nitamwambia nini?"

Hapo ndipo nilipoona kilichokuwa kinamuumiza: jina lake kwa wenzake. Nikamwomba aseme, "Binti ameshukuru, hajawa tayari. Kijana wenu hana kasoro." Sikusema "labda mwakani", kwa sababu hilo lingemfanya kijana asubiri kitu ambacho hakipo. Wala sikusema nina mchumba. Huo ungekuwa uongo, na angekuja kuujua.

Alinuna, nisiwadanganye. Wiki mbili hakupiga simu. Mimi nikaendelea kumpigia kumjulia hali, na Jumamosi moja nikaenda kumsaidia kufua. Tulipokuwa tunaanika nguo akacheka: "Wewe umefanana na baba yako, hasukumwi."

Amri ya Nne inatudai heshima kwa wazee wetu, na kumdanganya mzee si kumheshimu. Kijana mwenzangu, kama kuna chakula cha namna hiyo kinakusubiri Jumapili hii, nenda ukaseme mapema.

Ee Bwana, utupe ndiyo iliyo ndiyo, na hapana isiyo na dharau. Amina.