Kuapa Usichokijua

Jumanne ni siku ya soko hapa Kimana. Ng'ombe na mbuzi wanaingia alfajiri, kreti za nyanya zinapangwa kando ya barabara ya kwenda Loitokitok, na saiba ninayofanyia kazi inajaa watu ambao wiki nzima hawana sababu ya kuja mjini. Niliacha chuo mwaka wa pili, na tangu hapo naishi kwa kuandika: makala zikinunuliwa, barua za watu zisiponunuliwa. Hakuna mtu anayehakiki vyeti vyangu, maana sina cha kuhakikiwa. Labda ndiyo maana watu wananiletea vyao.

Jumanne moja mwaka jana alikuja binti ya mama mdogo, ambaye kwetu ni dada yangu tu. Alikuwa ameitwa na taasisi moja ya umma apeleke vyeti halisi kabla ya kuandikwa kazi. Alivipanga mezani kama karata. Cheti cha kuzaliwa na kitambulisho: Nashipae, aliyezaliwa tarehe 1 Januari 2001. Cheti cha KCSE: Nashipai. Cheti cha kumaliza shule, kile kinachotolewa na shule yenyewe: Nashipai, aliyezaliwa tarehe 14 Aprili 2001.

“Nikae kimya ama niseme?” akaniuliza.

Jamaa wa mashine ya kopi alimjibu kabla yangu. Usimwamshe aliyelala, ukimwamsha utalala wewe. Karani ana mafaili mia moja, kwa nini umwonyeshe shimo ambalo labda hataliona?

Hilo si swali la kipumbavu. Tume ya Utumishi wa Umma iliagiza vyeti vya wafanyakazi wa serikali vihakikiwe mwaka 2022, na mapema 2024 ikatangaza kwamba zaidi ya vyeti 2,000 vimepatikana ni ghushi. Tangu hapo, herufi moja iliyokaa vibaya inatazamwa kwa jicho lingine. Ukijieleza mapema, unaweza kuonekana kama mtu aliyejishtaki mwenyewe.

Lakini hebu tuangalie uhakiki unafanya nini hasa. Mwajiri anapeleka nakala kwa KNEC, na KNEC inalinganisha namba ya mtahiniwa, mwaka, shule na alama na kilicho kwenye kumbukumbu zake. Kwa dada yangu, jibu lingekuwa rahisi: cheti ni halali, ni cha Nashipai. Shida inaanzia hapo. Kitambulisho kinasema Nashipae. Hapo swali si tena kama cheti ni cha kweli, bali kama wewe uliyekishika ndiwe mwenyewe. Na swali hilo KNEC haiwezi kulijibu. Rejista haijawahi kukuona uso.

Kwa hivyo kunyamaza hakumwachi karani amelala. Kunamwacha aje kuligundua mwenyewe, wewe ukiwa hupo chumbani. Na kitu kilichogunduliwa kinasomwa tofauti na kitu kilichoambiwa, hata kama herufi ni ileile. Hii ndiyo tofauti kati ya kosa na siri. Kosa la dada yangu lilikuwepo tangu utotoni. Siri ingeanza siku ile angepeleka vyeti akijua havifanani, halafu anyamaze.

Tukakubaliana aseme. Nikadhani sehemu ngumu imeisha.

Nilifungua kompyuta, nikaanza kuandika afidaviti, yaani hati ya kiapo. Nimeandika nyingi. Unajitaja kwa jina lililo kwenye kitambulisho, pamoja na namba yake. Unaorodhesha kila hati kwa namba yake ya usajili, na jina lake unaliandika hivyo hivyo lilivyo, makosa yake yote yakiwemo. Unasema majina yote mawili ni ya mtu mmoja. Unaambatisha nakala. Kisha unaipeleka bila sahihi kwa wakili ambaye ni kamishna wa viapo, au kwa hakimu, na unatia sahihi mbele yake. Ukitia sahihi nyumbani, wakili anagonga muhuri juu ya kiapo ambacho hakukisikia.

Upande wa jina ulikwenda sawa. Jina ni la Kimaa, lina furaha ndani yake, na irabu ile ya mwisho iko mahali fulani kati ya *i* na *e*. Karani mmoja alisikia hivi, mwingine akasikia vile. Nikaandika: “Tofauti hii ilisababishwa na mwalimu aliyenisajili kwa mtihani.” Sentensi nzuri, fupi, yenye mkosaji.

Dada yangu akaweka kidole kwenye skrini. “Nani amekuambia ni mwalimu?”

Hakuna aliyeniambia. Cheti chake cha kuzaliwa kilichelewa kutoka, kikafika wakati shule ilikuwa tayari inasajili watahiniwa wa darasa la nane, nayo ikatumia jina la rejista yake. Nani aliyeliandika la kwanza kwenye rejista, hajui. Na orodha ya watahiniwa yeye mwenyewe aliitia sahihi, akiwa mtoto. Mwalimu alikuwa mtu rahisi wa kubebeshwa kwa sababu hayupo mezani. Nikafuta. Tukaandika kwamba jina hutamkwa namna moja na limeandikwa kwa namna mbili. Basi. Kinachotakiwa kuelezwa ni kwamba mtu ni mmoja. Mkosaji hatakiwi.

Tarehe ndiyo iliyotushinda. Mimi niliandika, kama nilivyozoea: “Tarehe yangu sahihi ya kuzaliwa ni 1 Januari 2001.” Ndiyo iliyo kwenye kitambulisho, ndiyo yenye nguvu. Yeye akampigia mama mdogo simu, akaiweka kwa spika.

“Yeyo, mimi nilizaliwa lini?”

Mama mdogo akacheka. Alizaliwa nyumbani, mvua kubwa ikiwa imeshaanza, hata mkunga alifika amelowa. Alipelekwa kliniki baada ya wiki mbili, tatu hivi. Kadi ikaandikwa tarehe ya siku ile ya kliniki, na shule ilipomwandikisha ikaiokota tarehe hiyo kama siku ya kuzaliwa. Kadi yenyewe ililiwa na mchwa. Miaka mingi baadaye, cheti cha kuzaliwa kilipohitajika kwa ajili ya mtihani, baba alikwenda kwa naibu wa chifu akataja mwaka tu, na mwaka usio na siku ukapewa siku ya kwanza.

Kwa hivyo 14 Aprili ni siku aliyopimwa uzito. 1 Januari ni siku ambayo fomu ilikataa kubaki wazi. Siku aliyozaliwa haimo kwenye karatasi yoyote.

Na mimi nilikuwa namwambia aape, mkono juu ya Biblia, kwamba mojawapo ya hizo ni *sahihi*.

Mnaoishi Kitengela au Nairobi mtasema tunazidisha. Ni tarehe tu. Kuna wazazi wetu wangapi waliozaliwa tarehe moja Januari? Lakini mtu aliyebebeshwa tarehe hiyo na serikali hajasema uongo, amepewa tu. Kiapo ni kitu kingine. Kwenye kiapo ni wewe unayesema, kwa nafsi ya kwanza, na kuapa uongo ukijua ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu. Dada yangu angeanza kazi ya umma kwa kuapa jambo asiloliamini, ili athibitishe kwamba yeye ni mwaminifu.

Kilichotuokoa kilikuwa ndani ya hati yenyewe, kwenye mstari ambao huwa naubandika mwishoni bila kuusoma. Kila afidaviti hapa Kenya inafunga kwa maneno ya namna hii: kwamba yaliyosemwa ni kweli kwa kadiri ya ujuzi, taarifa na imani yangu. Nilikuwa nikidhani ni pambo la mawakili. Kumbe ni droo tatu. Ya kwanza ni yale unayoyajua mwenyewe. Ya pili ni yale uliyoambiwa, na hapo unamtaja aliyekuambia. Ya tatu ni yale unayoyaamini, na unaeleza kwa nini. Uongo wangu wote wa saa ile ulikuwa kutoa kitu kwenye droo ya pili na kukiweka kwenye ya kwanza.

Tukaandika upya. Anajua kwamba hati zote nne ni zake. Anajua kwamba tarehe yake *iliyosajiliwa*, kwenye cheti cha kuzaliwa na kitambulisho, ni 1 Januari 2001, na hiyo ndiyo anayoitumia kwa shughuli zote rasmi. Ameambiwa na mama yake kwamba 14 Aprili ilitoka kwenye kadi ya kliniki. Anaamini mama yake, kwa sababu alikuwepo. Neno *sahihi* likatoka, *iliyosajiliwa* likaingia. Neno moja, na kiapo kikawa kitu ambacho angeweza kukisema kwa sauti.

Nikamwambia pia mipaka ya karatasi hiyo. Afidaviti haibadilishi cheti chochote, inaunganisha tu. Mtu anayetaka jina lingine kabisa huandikisha hati ya kubadili jina, nayo hutangazwa kwenye Gazeti Rasmi la Serikali. Lakini yeye hajabadili jina, na akifanya hivyo atakuwa anadai jambo ambalo halikutokea. Tarehe nayo haihamishwi kwa kiapo. Ikitakiwa kurekebishwa, ni kwa msajili wa vizazi, kwa ushahidi. Na kosa baya zaidi ambalo nimeliona kwenye meza hii ni mtu kukimbilia kurekebisha hati moja akiwa tayari ameshatuma maombi. Anamaliza na tarehe tatu badala ya mbili.

Bado kuna kitu kinachonikera. Makosa haya yaliandikwa na watu wazima waliokuwa wanalipwa mshahara, na anayelipa ni yule aliyekuwa mtoto: nauli ya Loitokitok, ada ya wakili, kopi, siku nzima ya kazi. Kujieleza mapema hakuondoi dhuluma hiyo. Mwenye bahati ya kuzaliwa hospitalini, mwenye jina ambalo makarani wamelizoea, haapi chochote. Nadhani ni sawa kuapa kweli na bado kukasirika kwamba ulilazimika kuapa.

Alipeleka afidaviti juu kabisa ya faili, na barua ya nusu ukurasa mbele yake. Anasema karani aliisoma hadi mwisho, akalinganisha namba moja moja, akagonga muhuri. Kisha akauliza, si kwa ukali, kama mtu anayetaka kujua tu: “Kwa hivyo wewe ulizaliwa lini?”

“Mvua ikinyesha,” dada yangu akamwambia. “Lakini nimesajiliwa Januari.”

Karani alinyamaza kidogo, akamwambia hata yeye ni wa tarehe moja Januari.