Mtafiti Amesimama Wapi?

Mpima ardhi hujua mlima wa mbali uko wapi kwa kuutazama kutoka vituo viwili. Kwanza, lakini, hujua vituo vyenyewe viko wapi na vimeachana umbali gani. Akikosea hapo, pembe zake zote zitampotosha, hata azipime kwa makini vipi. Watafiti wa jamii waliazima kazi hiyo pamoja na jina lake, triangulesheni, na mwaka 1970 Norman Denzin akaigawa mafungu manne: kuchanganya vyanzo, watafiti, nadharia au mbinu. Tulichukua pembe, vituo tukavisahau.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, mtafiti Ien Ang alitaka kujua Waholanzi wanaionaje Dallas, tamthilia ya Kimarekani. Aliweka tangazo katika Viva, jarida la wanawake, akasema yeye mwenyewe hupenda kuitazama ila mara nyingi watu humshangaa. Akaomba aandikiwe kwa nini watu wanaipenda au kuichukia. Alipata barua 42.

Walioandika, basi, walikuwa wakimjibu mpenzi wa Dallas aliyekwisha kujitaja: hicho ndicho kituo alichosimama Ang. Walioichukia waliandika kwa kujiamini. Walioipenda, wengi walijitetea. Ang aliona kuwa utetezi huo ni data: mtu huomba radhi kwa starehe yake pale tu jamii inapoamini kwamba burudani ya wengi ni takataka. Kama angejitambulisha kuwa mtaalamu anayechunguza madhara ya televisheni, naamini angeletewa barua za namna nyingine kabisa.

Tuseme sasa Ang anataka kuthibitisha alichokiona. Akiwahoji walewale 42, atakuwa na mbinu mbili lakini kituo ni kilekile, maana wote waliletwa na tangazo moja. Kituo cha pili ni sebule ya familia isiyosoma Viva, akae nao wakati kipindi kinaendelea. Huko huenda akamkuta mtu anayeiponda Dallas kwa maneno lakini haikosi hata wiki moja. Asichague kati ya maneno na kitendo, wala asitafute wastani wake. Tofauti hiyo ndiyo matokeo, naye aeleze kila kimoja kilisemwa au kilitendwa mbele ya nani.

Ndiyo maana siridhiki na aya ya utangulizi inayosema “mimi ni msomi wa mjini”, kisha msomi huyo haonekani tena hadi ukurasa wa mwisho. Kujitafakari kwa mtafiti kunahitajika katika uchambuzi, pale hasa nafasi yake ilipobadilisha jibu. Hata hivyo hawezi kuona kila kitu chake. Kwa hiyo mwenzake asiyependa tamthilia hiyo azisome barua zilezile, na wasipokubaliana, waandike wametofautiana wapi.

Ang alilichapisha tangazo lake ndani ya kitabu alichoandika kuhusu utafiti huo. Msomaji, ukifungua utafiti wa watazamaji, tafuta kwanza maneno ambayo mtafiti alijitambulisha nayo kwao. Usipoyaona, mdai.