Amana Nisiyoiuliza

Mwaka 2018, nilipokuwa nikijiandaa kwenda kumwona binti yangu katika nchi moja ya Ghuba, jirani yangu hapa Mombasa aliniletea bahasha. "Dada, nipelekee mwanangu. Ni dawa za mgongo tu." Sikuuliza. Kwetu kukataa amana ya jirani ni aibu, na kuichungulia ni aibu zaidi.

Nilipofika, begi langu lilipita kwenye mashine na askari wa forodha akalivuta kando. Ndani ya bahasha mlikuwa na vidonge 60 vya tramadoli, miligramu 50 kila kimoja. Jirani alikuwa ameyatupa maboksi ili kupunguza mzigo, na cheti cha daktari hakikuwamo. Nikaingizwa chumba cha pembeni. Akaletwa mkalimani, mzee mwenye Kiswahili cha Unguja, akaniuliza taratibu, "Mama, dawa hizi za nani?"

Kusema "zangu" kungekuwa uongo, tena uongo wa kunifunga. Kusema za kijana kungeweza kumpotezea kazi. Nikanyamaza muda mrefu.

Baadaye nilielewa chanzo cha mkasa huo. Tramadoli ni ya jamii moja na afyuni: hutuliza maumivu makali, lakini huweza kumtawala anayeitumia. Mikataba ya kimataifa ya dawa za kulevya haimo nayo, hivyo kila nchi hujiamulia. Kwetu hutolewa kwa cheti cha daktari. Kule nilikokwenda hutakiwa pia kibali kabla ya safari. Kidonge ni kilekile. Huku ni tiba, kule ni kosa. Nchini Misri, mwaka 2017, mwanamke wa Kiingereza aliyempelekea mwenzake vidonge 290 vya dawa hiyo alihukumiwa kifungo cha miaka 3, ingawa alisema hakujua kuwa imekatazwa.

Mwishowe nilimtaja kijana. Alikuja usiku huohuo na cheti chake cha hospitali. Alfajiri nikaachiliwa, dawa zikabaki kwao. Kazi yake haikuguswa, lakini mama yake hakunisemesha kwa miezi mingi.

Tangu hapo najiuliza: je, asiyejua ana hatia? Naona kuna kutojua kwa namna mbili. Kuna jambo ambalo mtu hakuwa na njia ya kulijua, na kuna lile ambalo swali moja lingelifichua. Langu lilikuwa la pili. Nilikwepa swali ili nionekane mwema, na wema huo ukanigharimu mimi, kijana, na ujirani wetu.

Siku hizi sibebi dawa ya mtu mwingine. Zangu huwa ndani ya boksi lake, zenye jina langu, pamoja na cheti, na kwanza huuliza ubalozi kwa jina halisi la dawa, si jina la biashara. Jirani akiniita mkaidi, humwambia kuwa amana isiyoulizwa si amana. Ni mtego wa watu wawili.