Maombi ya Karadha Yaliyofika Usiku

Mtunza stoo wa ghala moja la vifaa vya ujenzi Dar es Salaam alikuwa na mshahara wa msingi wa shilingi 600,000. Baada ya NSSF, kodi ya mapato na mchango wa SACCOS, mkononi zilimfikia 450,000. Chumba chake kilikuwa cha laki moja kwa mwezi, na mwenye nyumba, kama wengi jijini, alidai kodi ya miezi sita kwa mpigo. Mkataba uliisha tarehe 30 Juni, na yeye alikuwa na nusu tu ya hela.

Usiku wa tarehe 24 alimwandikia mkurugenzi kwenye simu: “Shikamoo bosi. Samahani sana kwa usumbufu, hali yangu ni mbaya mno, naomba unisaidie chochote, Mungu atakulipa.”

Mkurugenzi alikuwa mtu mwema, na ujumbe ulimgusa. Lakini angejibu nini? Hakujua ni kiasi gani, ni cha lini, wala kitarudi vipi. Akajibu, “Onana na mhasibu.” Asubuhi mhasibu akauliza, “Unataka ngapi?” Kijana akasema laki tano, kisha akashuka hadi laki tatu. “Mnikate zote mwezi ujao.” Mhasibu akapiga hesabu: 450,000 ukitoa 300,000 zinabaki 150,000. Ofisi yao, kama ofisi nyingi, haimwachi mfanyakazi chini ya theluthi ya mshahara wa msingi, yaani 200,000. Tena hakukuwa na karatasi yoyote. Kifungu cha 28 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 hakimruhusu mwajiri kukata deni kwenye mshahara bila ridhaa ya maandishi ya mfanyakazi. Kwa hiyo mhasibu aliyekataa hakuwa na roho mbaya. Alikuwa anajilinda, na ofisi pia.

Kijana akaenda kwa wakopeshaji wa kausha damu. Akachukua 300,000 za kurudisha 390,000 mwisho wa Julai, akaacha kadi yake ya benki pamoja na namba ya siri. Mshahara wa Julai ulipoingia, alibakiwa na 60,000 za kula mwezi mzima.

Inaniuma kwa sababu hela ileile ingepatikana ofisini bila riba. Ilihitaji barua ya nusu ukurasa, iliyopelekwa tarehe 10, kabla orodha ya mishahara haijafungwa. Ingesomeka hivi:

“Kwa Mkurugenzi, kupitia kwa Msimamizi wa Ghala.

YAH: MAOMBI YA KARADHA YA MSHAHARA SH. 300,000

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Naomba karadha ya shilingi 300,000 ili kukamilisha kodi ya nyumba inayotakiwa tarehe 30 Juni. Napendekeza nikatwe shilingi 100,000 kila mwezi kwa mishahara ya Julai, Agosti na Septemba. Natoa ridhaa yangu makato hayo yafanyike, na endapo nitaacha kazi kabla deni halijaisha, salio likatwe kwenye stahili zangu. Sina karadha nyingine ninayodaiwa. Naomba kuwasilisha.”

Kila mwezi zingebaki 350,000, juu kabisa ya theluthi. Mkurugenzi angebakiwa na kazi ya kuandika “naafiki” pembeni na kusaini. Mhasibu angepata kiasi, miezi na ridhaa mahali pamoja, asiwe na sababu ya kumwita mtu tena. Kupita kwa msimamizi nako si urasimu mtupu. Ndiye atakayeulizwa kama huyu ni mfanyakazi wa kutegemewa, na akirukwa huona amedharauliwa.

Sababu imetajwa kwa sentensi moja. Wengi hudhani heshima ni kurundika samahani, kueleza ugonjwa wa mama na ada za wadogo zao hadi msomaji aone aibu kukataa. Kwangu mimi huko ni kumbana mtu. Anayesoma barua yenye kiasi na ratiba anaweza hata kusema “tutakupa laki mbili” bila kukuvunjia heshima, nawe ukarekebisha makato papo hapo. Kama una hati ya madai ya mwenye nyumba, ambatisha nakala. Hiyo inaeleza shida vizuri kuliko aya mbili za kilio.

Kabla ya kuandika, chukua hati yako ya mshahara ya mwezi uliopita uanzie kwenye kinachokufikia mkononi, maana makato ya SACCOS na mikopo mingine ndiyo huivuruga hesabu. Theluthi ikiguswa, ongeza mwezi mmoja wa marejesho au punguza kiasi. Baki na nakala iliyosainiwa, na hati ya Oktoba ikitoka, angalia kama ile laki moja imeacha kukatwa.