Roma: Ugonjwa wa Ndani au Jeraha la Nje?

Wazee wetu hunena kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Maneno hayo yametuzoesha, kila tusikiapo habari za nyumba iliyoanguka, kumtafuta kwanza mdudu aliyekuwa ndani ya boriti, wala tusiulize sana habari za tufani iliyovuma usiku ule. Mazoea hayo si mabaya. Lakini yakitumiwa pasipo hadhari yanaweza kutupeleka kwenye hukumu isiyo ya haki, na hakuna mahali ambapo hatari hiyo inaonekana wazi kama katika mjadala juu ya kuanguka kwa Dola ya Kirumi.

Tukio lenyewe laelezeka kwa maneno machache. Mwaka 476 jemadari mmoja wa askari wa asili ya kigeni, jina lake Odoacer, alimwondoa kijana Romulus katika kiti cha Kaizari nchini Italia, na mavazi ya utawala yakapelekwa Konstantinopoli. Hakuwekwa mwingine mahali pake. Miaka 100 kabla ya siku hiyo, dola hiyohiyo ilitawala toka Uingereza hadi mto Furati, na mpakani mwake hapakuwa na taifa lolote upande wa Ulaya lililoweza kusimama nayo uso kwa uso. Basi, ilikufa kwa maradhi yake yenyewe, au iliuawa?

Waliojibu kwamba yalikuwa maradhi ni wengi, na walianza mapema. Wagothi walipouteka na kuupora mji wa Roma mwaka 410, wafuasi wa dini ya kale walisema kwamba msiba ule umeletwa na kuachwa kwa miungu ya mababu. Agostino, askofu wa Hippo katika Afrika ya Kaskazini, aliandika kitabu kikubwa, Mji wa Mungu, kuwajibu. Karne nyingi baadaye Mwingereza Edward Gibbon, katika majuzuu aliyoyatoa baina ya 1776 na 1788, alifundisha kwamba dola ilielemewa na ukubwa wake yenyewe, kwamba raia walipoteza ushujaa wa wahenga wao, na kwamba dini mpya iliwavuta watu kutoka katika shughuli za taifa. Watu wameyapenda maelezo ya namna hii, na kisa chake si kigumu kukiona: yanaugeuza msiba kuwa adhabu. Aliyeanguka alistahili kuanguka, na sisi tuliosimama tunaweza kujipongeza.

Lakini hoja hiyo ina pingamizi moja kubwa. Dola ya Kirumi ilikuwa na nusu mbili, ya Magharibi na ya Mashariki. Nusu ya Mashariki ilikuwa na dini ileile, sheria zilezile, kodi nzito zilezile, na makarani walewale wapenda rushwa. Kama hayo ndiyo yaliyoua, mbona Mashariki iliishi karibu miaka 1,000 zaidi, hata Konstantinopoli ilipotekwa na Waturuki mwaka 1453? Mwanahistoria A. H. M. Jones aliisisitiza hoja hii katika kazi yake kubwa ya mwaka 1964. Hakuyaficha maovu ya utawala ule. Aliyaeleza moja moja. Ila aliona kwamba tofauti kubwa baina ya nusu hizo mbili ilikuwa mpaka: Magharibi ilipaswa kuulinda mto Rini na sehemu kubwa ya mto Danubi, na adui akishavuka hapakuwa na kizuizi kingine. Nao wachimbuaji wa magofu wamegundua kwamba katika karne ya nne mashamba ya Afrika ya Kaskazini na vijiji vya Shamu vilikuwa vikistawi. Mgonjwa tuliyeambiwa alikuwa mahututi alikuwa, mahali pengi, akila na kunenepa.

Je, basi tuseme yote yalitoka nje? Mfaransa André Piganiol, aliyeandika mwaka 1947, alisema hivyo kwa ukali, akiikana kabisa hoja ya kifo cha asili. Sisi twaona kwamba jibu hilo nalo lina upungufu, na ili kuuonyesha yafaa tukitazame kisa kimoja kwa makini.

Katika miaka ya 370 Wahuni (hili ni jina la taifa, wala si tusi) walitoka katika nyika za mashariki na kuwasukuma Wagothi mbele yao. Mwaka 376 maelfu ya Wagothi, pamoja na wake na watoto, walifika ukingoni mwa Danubi wakiomba hifadhi. Kaizari Valens, aliyekuwa mbali huko Antiokia, aliwakubalia, kwani alitumaini kupata askari wapya kwa gharama ndogo. Mpaka hapo, ni shinikizo la nje tupu: Roma haikuwaita Wahuni, wala haikuwa na uwezo wa kuwazuia.

Wageni wale walipovuka, walikabidhiwa kwa maofisa wawili, Lupicinus na Maximus. Mwanahistoria Ammianus Marcellinus, mwenyewe askari wa Kirumi aliyeishi nyakati hizo, ameandika kwamba chakula kilipowaishia wakimbizi, maofisa hao walikusanya mbwa na kuwauzia kwa bei ya mtumwa mmoja kwa kila mbwa mmoja, na miongoni mwa waliotolewa utumwani walikuwamo wana wa machifu. Kisha Lupicinus akawaalika viongozi wa Wagothi karamuni, na walinzi wao wakauawa wakati wakubwa wakila. Fritigern akaponyoka, na waliokuja kuomba hifadhi wakawa maadui wenye njaa na kisasi, tena ndani ya mpaka.

Yaliyofuata yana mchanganyiko uleule. Gratian, Kaizari wa Magharibi, alikuwa njiani na jeshi lake kumsaidia Valens, lakini alicheleweshwa na Waalamani waliovuka Rini waliposikia kwamba anaondoka. Valens, kwa kuogopa kushirikiana utukufu wa ushindi na kijana yule, hakumngoja. Tarehe 9 Agosti 378, karibu na mji wa Adrianopoli, aliwaingiza vitani askari waliochoshwa na mwendo, jua na kiu. Ammianus anakadiria kwamba ni theluthi moja tu ya jeshi iliyookoka. Kaizari mwenyewe alitoweka katika mauaji yale, na maiti yake haikuonekana.

Sasa mtu na atuambie: kushindwa huko kulitoka ndani au nje? Pasipo Wahuni, Wagothi wasingevuka. Pasipo Lupicinus na biashara yake ya mbwa, huenda wangelima mashamba ya Thrakia na kulipa kodi. Pasipo wivu wa Valens, majeshi mawili yangepigana badala ya moja. Kuna sababu iliyoifanya hatari iwepo, na kuna tendo lililoigeuza hatari kuwa maangamizi. Wahuni hawastahili lawama kwa tendo la Lupicinus. Wala Lupicinus, pamoja na uovu wake wote, hakuisukuma nyika ya Asia. Twadhani kosa la wabishi wengi ni kuchanganya maswali mawili, moja la sababu na moja la lawama, kana kwamba likijibiwa la kwanza la pili nalo limejibiwa.

Hata hivyo Adrianopoli haikuiua dola. Jeraha lililoiua Magharibi lilipatikana katika bara letu. Mwaka 429 Wavandali, chini ya mfalme wao Geiseric, walivuka bahari kutoka Hispania wakaingia Afrika. Wakati huo majemadari wa Kirumi, Aetius na Bonifasi, walikuwa wakioneana kijicho, hata mwaka 432 wakapigana wao kwa wao nchini Italia na Bonifasi akafa. Vita vya panzi, furaha ya kunguru. Ipo hadithi kwamba Bonifasi mwenyewe ndiye aliyewaita Wavandali. Wanahistoria wengi wa sasa wanaitilia shaka, lakini imedumu, maana binadamu hupenda msaliti kuliko bahati mbaya. Agostino alifariki mwaka 430 akiwa ndani ya Hippo, mji ukiwa umezingirwa. Tarehe 19 Oktoba 439 Geiseric aliiteka Karthago.

Ili kuelewa uzito wa hasara hiyo, tukumbuke jinsi dola ilivyoishi. Askari alilishwa na kuvikwa kwa kodi, na sehemu kubwa ya kodi ilitoka mashambani. Nchi ambayo leo ni Tunisia, pamoja na mashariki ya Aljeria, ndiyo iliyopeleka ngano na mafuta ya zeituni Roma, na ilikuwa imesalimika na vita vilivyoichakaza Ulaya. Kwa mkataba wa 442 Wavandali walibaki na sehemu iliyo nono, na Kaizari Valentinian wa Tatu akarudishiwa sehemu zilizochakaa. Mwaka 445 alilazimika kuipunguza kodi ya baadhi ya sehemu hizo mpaka thumni moja tu ya kiasi cha zamani. Katika miaka hiyohiyo alitoza kodi mpya katika mauzo, sehemu moja katika sehemu 24 za bei, huku amri yake ikikiri waziwazi kwamba mapato hayatoshi kuwalisha na kuwavika askari, wapya wala wa zamani.

Hapo ndipo mzunguko wa maangamizi unapoonekana. Nchi ikipotea, kodi yake inapotea. Kodi ikipotea, askari wanapungua. Askari wakipungua, nchi nyingine inapotea. Wenye mashamba makubwa huko Galia na Hispania walipoona kwamba Kaizari hawezi tena kuwalinda, walipatana na wafalme wa kigeni waliokuwa jirani zao, ili wasalie na sehemu ya mali yao. Wengine wameuita usaliti huo kuwa ushahidi wa kuoza. Sisi hatuwatetei, lakini twaona kwamba uaminifu wao ulikwisha baada ya ulinzi kukosekana, si kabla yake. Kilichoitwa chanzo, hapa, kilikuwa tokeo.

Na nia ya kupigana haikuwa imekufa. Mwaka 468 nusu zote mbili za dola ziliungana kuikomboa Afrika, na waandishi wa kale wanataja merikebu zaidi ya 1,000. Mkuu wa msafara alikuwa Basiliscus, shemeji yake Kaizari Leo wa Mashariki. Walipotia nanga karibu na Karthago, Geiseric aliomba siku tano za kufikiri, naye Basiliscus akampa. Katika siku hizo upepo uligeuka, na Wavandali wakasukuma merikebu tupu zilizowashwa moto katikati ya merikebu za Kirumi zilizosongamana. Palikuwa na watu walioamini kwamba Basiliscus alihongwa; wengine walimwona mpumbavu tu. Alirudi Konstantinopoli, akakimbilia katika kanisa la Hekima Takatifu, na akaokolewa na maombezi ya dada yake, mke wa Kaizari. Mwaka 475, Leo akiwa amekwisha kufa, mtu huyohuyo alijinyakulia kiti cha Konstantinopoli. Alikuwa angali amekikalia majira ya joto ya mwaka uliofuata, wakati Odoacer alipoikamata Italia.